Tarakimu kwa maneno yetu, fasili kwa maneno yao

Sisi mafrateri tunaosoma sosholojia tunaandika insha nyingi kuhusu maisha ya watu wa parokia zetu: ndoa, vijana wanaohamia mjini, na zaidi ya yote umaskini. Kila insha ya namna hiyo hufika mahali ambapo takwimu lazima iingie. Hapo huzuka swali tunalolijadili mara nyingi katika kikundi chetu cha kusomeana insha kabla hazijaenda kwa mwalimu: tuinukuu sentensi ya ripoti neno kwa neno, ndani ya alama za nukuu, au tuieleze kwa maneno yetu wenyewe?

Tuchukue takwimu moja inayotumika sana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilifanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18, ikakuta kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Frateri mmoja akiandika juu ya umaskini vijijini huwa na kishawishi cha kuchukua sentensi nzima ya ripoti, kwa hofu kwamba akigusa neno lolote atapotosha. Tunaielewa hofu hiyo, lakini kwa tarakimu zenyewe haina msingi. Nukuu hutunza maneno ya mtu pale maneno hayo yana uzito wake. 26.4 haina sauti ya mwandishi ndani yake, itabaki 26.4 hata ikiwekwa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi. Inachohitaji ni mrejeo unaoonyesha imetoka wapi. Alama za nukuu haziiongezei ukweli wowote, na insha yenye nukuu tatu za takwimu katika ukurasa mmoja husomeka kama ripoti iliyokatwa vipande.

Kwa hiyo tarakimu tunaieleza kwa maneno yetu. Njia tuliyozoea ni kuandika tukitazama jedwali, huku aya ya ripoti inayolielezea jedwali tumeifunga. Mtu anayeandika huku akiisoma aya hubadilisha maneno mawili matatu na kuacha mengine kama yalivyo. Huo si ufafanuzi wake, ni nukuu iliyovuliwa alama. Maneno ya kitaalamu kama "mstari wa umaskini" hayabadilishwi, na hakuna atakayetulaumu kwa kuyatumia. Tena ni hatari kuyabadilisha kwa ajili ya urembo wa lugha tu.

Hatari yenyewe tuione. Mwenzetu anaandika: "Robo ya Watanzania wanapata chini ya mahitaji yao." Sentensi ni fupi na inasomeka vizuri, lakini imeachana na ripoti katika mambo matatu. Kwanza, utafiti ulihusu Tanzania Bara, Zanzibar haimo. Pili, mwaka wa utafiti umepotea, na msomaji atadhani ni hali ya leo. La tatu ndilo zito zaidi: ripoti haikupima wanachopata watu, ilipima matumizi. Mahindi anayovuna mama shambani na kuyapika nyumbani bila kuyauza huthaminiwa kwa fedha na kuhesabiwa katika matumizi ya kaya yake. Neno "wanapata" linamfanya msomaji afikirie mshahara au mauzo sokoni, jambo ambalo kijijini ni sehemu ndogo tu ya maisha.

Kiwango chenyewe cha mstari huo kilikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Ukigawa kwa siku 30 unapata shilingi 1,644 kwa siku. Ndani ya fedha hiyo kuna chakula na mahitaji mengine ya lazima. Na wanaposema "mtu mzima" hawana maana ya kila kichwa kilichomo nyumbani: mtoto huhesabiwa kuwa sehemu ya mtu mzima, kulingana na umri na jinsia, kwa kuwa mahitaji yake ya chakula ni madogo kuliko ya baba yake. Aliyetumia shilingi 50,000 mwezi ule hakuhesabiwa kuwa maskini. Wazee wa jumuiya wanaomtembelea kila wiki wangeshangaa kusikia hivyo.

Hapa ndipo tunapoona nukuu ya neno kwa neno inastahili nafasi yake. Fasili ya "maskini" ni uamuzi wa waliofanya utafiti, na hoja yetu yote inaweza kusimama au kuanguka juu yake. Tukiieleza kwa maneno yetu, mwalimu hawezi kujua ni wapi uamuzi wao unaishia na wapi maoni yetu yanaanzia. Basi tunainukuu fasili jinsi ilivyo, pamoja na namba ya ukurasa, kisha tarakimu tunazizungumza wenyewe. Vivyo hivyo kwa swali la dodoso: "Je, ulikosa chakula?" na "Je, ulikosa chakula cha kutosha?" yataleta asilimia tofauti, kwa hiyo maneno ya swali yanukuliwe. Na kiongozi akitamka kwamba umaskini umepungua sana, nasi tunataka kuipima kauli hiyo, neno lake "sana" linukuliwe, kwa sababu ndilo tunalolipima.

Mara nyingi ripoti imeandikwa kwa Kiingereza nasi tunaandikia parokia kwa Kiswahili. Tukitafsiri, maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu si ya ripoti tena, ni yetu. Ikiwa ni fasili, tunaandika waziwazi kwamba tafsiri ni yetu. Ikiwa ni tarakimu, hii ni sababu nyingine ya kuacha alama hizo kabisa.

Kuna suala la kukadiria pia. Kusema "zaidi ya robo" badala ya 26.4 ni halali, na mahubirini ni afadhali. Lakini utafiti uliotangulia, wa mwaka 2011/12, ulionyesha asilimia 28.2. Hiyo nayo ni zaidi ya robo. Ukizikadiria zote mbili, badiliko unalotaka kulijadili linatoweka, hivyo kwenye ulinganisho tarakimu zikae kamili. Badiliko lenyewe nalo lina mtego: kutoka 28.2 hadi 26.4 ni kushuka kwa pointi 1.8 za asilimia. Kuandika "umaskini umepungua kwa asilimia 1.8" ni kosa, kwa sababu 1.8 ukiigawa kwa 28.2 unapata takriban asilimia 6.4. Mwandishi wa gazeti akishaandika hivyo, nasi tukamnukuu neno kwa neno, kosa lake linaingia kwetu likiwa limevikwa alama za nukuu na kuonekana la kuaminika. Ndiyo maana kikundi chetu hakipokei takwimu iliyotoka gazetini mpaka mwenye insha alete jedwali.

Katika insha ya mwisho tuliyosomeana kuhusu umaskini, tulikubaliana na sentensi hii: "Katika utafiti wa 2017/18, watu 31.3 kati ya kila 100 wa vijijini Tanzania Bara walikuwa na matumizi yaliyo chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, dhidi ya 15.8 kati ya kila 100 mjini." Mrejeo umeandikwa pamoja na namba ya jedwali, ingawa mtindo wa APA haudai ukurasa kwa maelezo yasiyonukuliwa. Fasili ya mstari imenukuliwa mara moja tu, katika aya ya kwanza. Mwenzetu mmoja bado anaona "watu 31.3" ni jambo la kuchekesha, kwa kuwa hakuna mtu wa sehemu tatu za kumi, na anataka tuandike asilimia. Hilo hatujalimaliza.