Hesabu Niliyojivunia Katwe

Kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, nilikuwa nikiwaambia wakubwa zangu kwamba programu yetu ya oda inapendwa sana Katwe. Ushahidi wangu ulikuwa namba moja: seva ilikuwa inapokea maombi zaidi ya elfu sabini kwa siku. Niliiweka namba hiyo kwenye ripoti, nikaichorea grafu, nikapongezwa. Ukweli ni kwamba karibu maombi yote hayo hayakutoka kwa binadamu. Yalitoka kwenye simu zilizolala mifukoni, na kila ombi lilikuwa likimegua bando la fundi ambaye hakuwa ameomba chochote.

Asiyeijua Katwe ajue kwamba si ile tu ya filamu ya Phiona Mutesi na sataranji. Kwa watu wa Kampala, Katwe ni mahali unapokwenda kutengenezewa kitu cha chuma: mashine ya kusaga mahindi, mashine ya bisi, geti, jiko la mkaa, au kipuri ambacho duka limekwambia hakipatikani tena. Mteja huja na kipande kilichovunjika, fundi hukitazama, hutaja bei, hupokea malipo ya awali. Oda hukaa kichwani mwa fundi au kwenye daftari lenye madoa ya grisi. Kazi yetu ilikuwa kuiweka oda hiyo kwenye simu, pamoja na picha na tarehe ya kukabidhi, ili mteja aliyeko Masaka au Mbale aweze kuagiza bila kusafiri.

Simu nyingi pale ni Itel na Tecno za bei ya chini, zenye kumbukumbu ya GB 1 na nafasi ya GB 8, ambayo nusu yake huliwa na mfumo wenyewe kabla mwenye simu hajapiga picha hata moja. Mimi niliandika programu nikiwa ofisini, kwenye intaneti ya Wi-Fi isiyohesabiwa, nikaijaribu kwenye simu yangu ambayo bei yake ingenunua kadhaa za kwao.

Kosa la kwanza lilionekana mapema, kwa sababu lilikuwa la ukubwa, na ukubwa hauwezi kujificha. Faili la kusakinisha lilikuwa MB 46. Mafundi walikuwa wakilipokea kwa Xender, simu kwa simu, bila kutumia data, kisha simu inawajibu kwamba hakuna nafasi. Nilipolifungua kwa kichambuzi cha Android Studio niliona jambo ambalo ningelijua siku ya kwanza kama ningetazama: ndani mlikuwa na programu ileile mara tatu. Nilikuwa natumia Flutter, na Flutter usipoiambia vinginevyo hufungasha msimbo wa prosesa za ARM za biti 32, wa ARM za biti 64, na wa x86_64, ambayo simu za Katwe hazina kabisa. Amri moja huutenganisha msimbo huo:

```
flutter build apk --split-per-abi
```

Hapo unapata mafaili matatu, na kila simu inahitaji moja tu. Nikaongeza kazi ndogo ya kuondoa fonti nisizozitumia na kugeuza picha za PNG kuwa WebP. Tukashuka hadi MB 14. Nilichagua faili la biti 32 ndilo liwe la kugawa kwa Xender, kwa sababu Android ya simu nyingi za bei ya chini ni ya biti 32 hata pale prosesa yake inapoweza 64, na simu nyingi za biti 64 nazo hulikubali. Ukipitia duka la Google, tangu Agosti 2021 programu mpya hupakiwa kwa umbo ambalo duka lenyewe hulikatakata na kuipa kila simu kipande chake. Ni jambo jema kwa anayepakua. Lakini mtu akikitoa kipande kile kwenye simu yake na kumrushia mwenzake, mara nyingi hakikubali kufunguka upande wa pili, maana vipande vingine vimebaki nyuma. Kwa watu wanaorithishana programu mkono kwa mkono, hilo ni la kuliangalia.

Basi, MB 14. Nilijiona nimemaliza. Na hapa ndipo aibu yenyewe ilipo, kwa sababu ukubwa wa faili ni gharama ya siku moja, nami sikuwa nimepima gharama ya kila siku.

Programu ilipaswa kumjulisha fundi oda mpya inapoingia. Njia niliyochagua ni ile ya uvivu: kila baada ya sekunde 30 simu inaiuliza seva, na seva inajibu kwa orodha nzima ya oda. Ni kama mteja anayechungulia karakana kila nusu dakika kuuliza kama geti lake limeisha, na kila mara fundi anamsomea daftari lote. Ili Android isiizime, niliipa huduma inayobaki hai hata skrini ikiwa imefungwa. Nilifanya bidii, kwa hakika, kulifanya kosa hili lifanye kazi vizuri.

Orodha ya fundi wa kawaida ilikuwa na uzito wa KB 18. Hakuna anayeogopa KB 18. Lakini sekunde 30 maana yake ni mara 120 kwa saa, na saa kumi za kazi ni mara 1,200. Zidisha: KB 21,600, yaani takriban MB 21 kwa siku, bila mtu kuigusa simu. Mwenye bando la MB 50 alilopanga limfikishe mwisho wa wiki, programu yangu ililimaliza siku ya tatu. Na simu sitini zikiuliza mara 1,200 kila moja, unapata maombi 72,000. Ndiyo ile namba niliyoichorea grafu.

Nchini Uganda jambo hili lina uchungu wa ziada. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya aina hiyo. Watu walilalamika, wakajificha nyuma ya VPN, na Julai 2021 kodi ile ikaondolewa na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data yenyewe. Ya kwanza ilikuwa kodi ya siku. Ya pili inafuata kila MB. Kwa hiyo MB 21 nilizozichoma hazikuwa bei ya mtandao peke yake. Nilikuwa nawalipisha watu kodi kwa ajili ya maswali yasiyo na majibu.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mtengeneza mashine za bisi. Nilimfuata kumuuliza kwa nini amechelewa kujibu oda ya mteja wa Mbale. Hakubishana. Alifungua mipangilio ya simu yake, akaenda kwenye matumizi ya data, akanionyesha. Programu yangu ilikuwa juu kabisa, imeizidi WhatsApp.

"Ssebo, kitu chako ni kidogo kuingia," alisema, "lakini kinakula kama mkubwa. Ndiyo maana nazima data. Nawasha jioni."

Wengine walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Yaani oda zilichelewa kwa sababu ya njia ileile niliyoiweka ili zisichelewe, na mimi nilikuwa nimewaandika kwenye ripoti kuwa ni mafundi wasiojali wateja.

Ningependa kusema nilirudi ofisini nikalirekebisha mara moja. Nililirekebisha nusu. Niliweka alama ya ETag: seva inaipa orodha namba ya toleo, simu ikiuliza tena inataja namba hiyo, na kama hakuna kilichobadilika seva inajibu `304 Not Modified` bila kutuma orodha. Kwenye karatasi, KB 18 zimekuwa karibu sifuri. Safari hii angalau nilipima: nikachukua Itel yenye laini ya kawaida, nikasoma kaunta ya data, nikaiacha mezani saa nzima bila kuigusa, nikasoma tena. Ilikuwa imekula karibu KB 600. Kwa siku ya kazi, MB 6.

Zilitoka wapi? Seva yetu ilikuwa imepangwa kufunga muunganisho ukikaa kimya sekunde 15. Simu inauliza kila sekunde 30. Kwa hiyo kila swali lilikuta mlango umefungwa, na simu na seva zikaanza upya kusalimiana kwa TLS: seva inatuma vyeti vyake, simu inavikagua, funguo zinabadilishwa. Salamu hizo, pamoja na vichwa vya ombi na jibu, zilifika kama KB 5, hata kama jibu lenyewe ni "hakuna jipya". Mtazamaji wa kumbukumbu za seva haoni chochote, maana seva inaandika ukubwa wa jibu tu, wala haihesabu salamu. Kaunta ya simu ndiyo inayosema kweli.

Dawa ilikuwa kuacha kuuliza. Sasa oda ikiingia, seva inatuma taarifa fupi kupitia huduma ya Google ya FCM, ambayo ina njia moja iliyo wazi tayari kwa ajili ya programu zote za simu. Ujumbe wake hauruhusiwi kuzidi KB 4, na wetu haufiki hata KB 1. Fundi akifungua programu, simu inaomba yale tu yaliyokuja baada ya oda ya mwisho iliyo nayo:

```
GET /oda?baada_ya=1840
```

Picha nazo zinapunguzwa ndani ya simu kabla ya kutumwa, upande mrefu pikseli 1,280. Picha ya MB 3 inakuwa kama KB 200 na bado jino la gia linaonekana. Bila picha, siku nzima ya fundi haifiki KB 200.

Haijakamilika. Simu hizi huua programu zilizolala ili kuokoa betri, na taarifa ya FCM wakati mwingine hufika mwenye simu anapoiamsha, au haifiki kabisa. Kwa hiyo oda yenye malipo ya awali sasa hutumwa pia kwa SMS, ambayo fundi huipokea bure hata data ikiwa imezimwa. SMS hizo tunazilipia sisi. Mhasibu aliuliza kwa nini nimeongeza gharama mpya, nikamjibu kwamba gharama si mpya, ila zamani ilikuwa haipiti kwenye vitabu vyake.

Ripoti iliyofuata niliiandika upya kwa kuhesabu watu waliofungua programu kwa vidole vyao. Walikuwa kumi na tisa kati ya sitini. Grafu ya zamani bado imo kwenye faili la ofisi. Chini yake nimeandika inapima nini hasa.