Wiki kumi na mbili za LPIC-1: gawanya kwa uzito, si kwa usawa

Ni muda sasa tangu niandike hapa, na leo nina jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Linahusu mtihani wa Linux wa LPIC-1, na ratiba ya miezi mitatu niliyomwandikia binamu yangu mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza niliiharibu mimi mwenyewe.

Binamu yangu anaishi Kayole na hufanya kazi kwenye saiba: kuchapa barua, kupiga chapa na kuwajazia watu fomu za KRA. Alikuwa ameweka akiba ya kulipia mtihani mmoja. Akaja kwangu Umoja Jumapili moja akaniambia, "Kaka, pesa ninayo ya mara moja tu. Nikifeli, nitaanza kuweka upya." Ukifeli mtihani huu, kuurudia unalipa tena. Kwa hiyo ratiba ilikuwa na uzito kuliko nilivyoichukulia siku hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu mtihani wenyewe. LPIC-1 hutolewa na shirika la LPI, na ili upate cheti lazima upite mitihani miwili, 101 na 102. Kila mmoja una maswali 60 kwa dakika 90. Alama hutolewa kwenye kipimo cha 200 hadi 800, na kupita ni 500. Kwa mtu anayeanza kutoka sifuri na anafanya kazi mchana, miezi mitatu inatosha mtihani mmoja. Anayekwambia utamaliza yote miwili kwa wiki kumi na mbili, muulize yeye alianza akiwa anajua nini. Sisi tulichukua 101, ambao msimbo wake ni 101-500.

Mtihani wa 101 una mada kuu nne: mashine na jinsi inavyowaka, usakinishaji na vifurushi, amri za GNU na Unix, halafu diski na mifumo ya faili. Mimi nikapiga hesabu ya haraka: wiki kumi na mbili kwa mada nne ni wiki tatu kila mada. Nikamwandikia hivyo, akabandika ukutani.

Wiki ya sita nikampa mtihani wa majaribio. Alipata maswali 22 kati ya 60. Alijua habari za BIOS na UEFI vizuri kabisa, lakini amri za kawaida zilimshinda, maana kwenye ratiba yangu zilikuwa bado hazijafika. Hapo ndipo nikarudi kusoma orodha rasmi ya mada kwenye tovuti ya LPI, na nikaona kitu nilichokuwa nimekiruka. Kila mada ndogo ina namba pembeni inayoitwa uzito. Mashine na kuwaka kwake ni 8. Vifurushi ni 12. Amri ni 26. Diski na faili ni 14. Jumlisha: unapata 60, sawasawa na idadi ya maswali. Yaani LPI wenyewe wanakwambia kila mada italeta maswali mangapi hivi. Mimi nilikuwa nimetoa wiki tatu kwa mada yenye maswali 8, na wiki tatu hizo hizo kwa mada yenye 26.

Tukaanza upya kutoka wiki ya kwanza. Ratiba ya pili ndiyo hii, na ndiyo ninayowapa.

Kila siku ya kazi ni saa moja na nusu jioni, Jumamosi saa tatu za mazoezi, Jumapili hakuna kitu. Hiyo ni kama saa kumi na nusu kwa wiki. Vifaa ni kompyuta moja kuukuu yenye VirtualBox, na ndani yake Debian isiyo na madirisha, skrini nyeusi tu. Mashine pepe kama hiyo inaridhika na GB 1 ya kumbukumbu. Picha ndogo ya kusakinisha Debian haifiki GB 1, na LPI hutoa vitabu vya mafunzo bure kwa PDF, kwa hiyo bando kubwa unalihitaji mwanzoni tu. Jioni nyumbani kukiwa na kelele, soma kwenye karatasi. Jumamosi kuna maktaba za kaunti Kaloleni na Makadara.

Wiki ya 1 hadi ya 4 ni amri, maana ndizo maswali 26 na pia ndizo utakazotumia katika mada nyingine zote. Wiki ya kwanza ni sheli yenyewe: vigeu, alama za kunukuu, historia, na kusoma `man`. Wiki ya pili ni vichujio vya maandishi na paipu. Wiki ya tatu ni kunakili, kutafuta na kufunga faili, pamoja na `grep` na `sed`. Wiki ya nne ni michakato, kisha `vi`. Msiidharau `vi`: uzito wake ni 3, sawa na mada ndogo nzima ya ruhusa za faili.

Niwape mfano wa wiki ya pili, ili muone ninavyomaanisha kufanya mazoezi. Nilimwambia ahesabu ni watumiaji wangapi kwenye mashine wanatumia kila sheli. Jina la sheli liko kwenye safu ya saba ya `/etc/passwd`, na safu zinatenganishwa kwa nukta mbili. Yeye akaandika:

```
cut -d: -f7 /etc/passwd | uniq -c
```

Jibu likatoka, na mtu asiye makini angeridhika. Lakini `/bin/bash` ilionekana mara mbili, juu kwa `root` na chini kwa mtumiaji wake, na `/usr/sbin/nologin` nayo ikajirudia. Hiyo ndiyo dalili. `uniq` huunganisha mistari inayofanana ikiwa imepakana tu. Ikitenganishwa na mstari mwingine, inaihesabu upya. Dawa ni kupanga kwanza:

```
cut -d: -f7 /etc/passwd | sort | uniq -c | sort -nr
```

Kosa hili ukilifanya kwa mikono yako mara moja, hutalisahau kwenye chumba cha mtihani. Ukilisoma tu, utalisahau kabla matatu haijafika Donholm.

Wiki ya 5 hakuna mada mpya. Ni mtihani wa majaribio wa amri peke yake, kisha kurudia ulichokosa. Wiki ya 6 ni kuwaka kwa mashine: `dmesg`, `journalctl -b`, `systemctl`, na zile ngazi za zamani za `init` ambazo bado zinaulizwa. Wiki moja inatosha maswali 8.

Wiki ya 7 na ya 8 ni usakinishaji na vifurushi. Hapa wengi wa kwetu huanguka kwa sababu moja: wamezoea Ubuntu au Debian tu. Mtihani unauliza upande wa `dpkg` na `apt` kwa uzito wa 3, na upande wa `rpm` na `yum` kwa uzito wa 3 vilevile. Kwa hiyo wiki ya 7 ni Debian, na wiki ya 8 sakinisha mashine pepe ya pili ya ukoo wa Red Hat, kama AlmaLinux. Chora karatasi yenye safu mbili: jinsi ya kujua faili fulani imeletwa na kifurushi gani, upande mmoja ni `dpkg -S`, wa pili ni `rpm -qf`. Endelea hivyo kwa kila kazi.

Wiki ya 9 ni diski, na wiki ya 10 ni ruhusa, viungo na mahali faili zinapokaa. Uzito wa nusu hizi mbili ni 7 kwa 7, kwa hiyo hapa usawa unafaa. Zoezi la wiki ya 9 ni kuongeza diski pepe ya pili ya GB 1, kuigawa kwa `fdisk`, kuipa ext4, na kuiandika kwenye `/etc/fstab` ipachikwe yenyewe kila mashine inapowaka:

```
UUID=...  /mnt/hifadhi  ext4  defaults  0  2
```

Binamu yangu alikosea herufi moja ya UUID, akawasha upya bila kupima. Mashine ikasimama kama dakika moja na nusu ikiisubiri diski isiyokuwepo, kisha ikaandika `emergency mode` na kudai nenosiri la `root`. Alilikuwa nalo, akafungua faili kwa `vi`, akarekebisha, mashine ikawaka. Lakini kama wakati wa kusakinisha Debian ungeacha nenosiri la `root` wazi, akaunti hiyo ingekuwa imefungwa na usingeingia hapo. Kwa hiyo kwenye mashine ya mazoezi liweke. Na kila ukigusa `/etc/fstab`, piga `mount -a` kabla ya kuzima: ikilalamika kwamba haioni UUID, kosa umelipata mapema. Pia chukua nakala ya hali ya mashine kwenye sehemu ya Snapshots ya VirtualBox kabla ya zoezi lolote la diski. Stima ikipotea katikati, hupotezi wiki.

Wiki ya 11 na ya 12 ni mitihani ya majaribio, dakika 90 kwa saa, miwili kila wiki. Tenga maswali ya kujaza nafasi, yale yasiyo na majibu ya kuchagua. Hayo unayaandikia karatasi kila siku: jina kamili la faili, jina kamili la amri. Kipimo chetu cha kulipa kilikuwa maswali 48 kati ya 60, mara mbili, katika wiki mbili tofauti. Mara moja inaweza kuwa bahati.

Wiki ya 11 alipata 49. Wiki ya 12 akapata 45, wengi wakiwa wa `rpm`. Akaniuliza, "Sasa kaka, nilipe?" Nikamwambia hapana, rudi wiki ya 8. Tukaongeza wiki moja, akapata 51, ndipo akalipa.

Mtihani huandikishwa kupitia Pearson VUE, na unaweza kuufanyia nyumbani au kituoni. Ploti yao ina wapangaji wengi na mlango mmoja, na stima mnaijua. Mtihani wa nyumbani unadai chumba ambacho hakuna mtu mwingine anayeingia. Akachagua kituo cha mjini.

Alipata 560. Si alama ya kujisifia, lakini ni 60 juu ya mstari. Ile ratiba yangu ya kwanza bado iko ukutani kwake, ameigeuza na kuandika nyuma uzito wa mada za 102. Safari hii hakunisubiri nimpangie.

Haya, mpaka siku nyingine.