Anayekwenda kusoma Uingereza aanze kutafuta kazi kabla hajatoka Songea

Kwa mama mmoja wa Bombambili, mfanyabiashara wa mahindi, mpango ulikuwa wazi. Binti yake, mhandisi wa maji aliyesoma shahada ya kwanza Dar es Salaam, angekwenda Uingereza Septemba 2025 kusoma uzamili wa mwaka mmoja. Angesoma kwanza kwa utulivu, apate cheti, kisha ndipo atafute kazi. Kaka yake alifanya hivyo hapa nyumbani: alimaliza chuo, akatoa nakala za vyeti, akazunguka na bahasha ya kaki kwa miezi minane hadi akapata.

Wiki ya tatu tangu afike, binti alipiga simu usiku. Chuoni walikuwa wameambiwa kwamba makampuni makubwa yanayoajiri wahitimu wa kuanza kazi Septemba 2026 yalishafungua maombi, mengine tangu Agosti, na mengi yangefunga kabla ya Krismasi.

"Mwanangu, mbona hata darasani hujakaa?" mama akauliza.

"Ndiyo hivyo mama. Huku wanaajiri mwaka mzima kabla."

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea hesabu. Kule kampuni kubwa huwa na darasa la wahitimu linaloanza kazi kwa pamoja, kwa kawaida Septemba. Ili kulijaza, hupokea maombi mwaka mmoja kabla, hufuata mitihani ya mtandaoni, mahojiano kwa video, halafu siku nzima ya kupimwa ofisini. Kijana wa Kiingereza anayesoma miaka mitatu ana muda wa kulijua hilo. Anayekwenda kusoma mwaka mmoja msimu wake huanza kabla hajajua duka la karibu liko wapi, na akiukosa hakuna mwingine atakaoukuta akiwa bado mwanafunzi.

Kwa mgeni kuna ugumu wa pili. Si kila mwajiri anaweza kumwajiri kwa muda mrefu. Ili abaki kwa viza ya kazi, ile inayoitwa Skilled Worker, mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini wageni, na lazima amtolee cheti cha udhamini kwa kazi maalumu yenye mshahara unaofika kiwango cha serikali. Mwenye leseni analipa gharama kadhaa kwa kila mgeni, hivyo wengi hukwepa, hata kama kijana ana alama nzuri.

Wenye leseni wanajulikana. Serikali ya Uingereza huweka orodha yao kwenye tovuti ya GOV.UK kwa jina la Register of licensed sponsors: workers. Ni bure, mtu yeyote anaweza kuifungua, hata aliyeko Songea. Binti aliipakua akaanza kuisoma kutoka juu, akakata tamaa siku ileile. Ina majina zaidi ya laki moja, na haisemi kampuni inafanya kazi gani. Mgahawa, kanisa, hospitali na kampuni ya madaraja zote zimo humo, zimepangwa kwa alfabeti.

Mwanafunzi aliyemtangulia kutoka Kenya alimwelekeza aigeuze kazi. Usianze na orodha, alimwambia, anza na majina ya makampuni ya fani yako, kisha uyatafute humo moja moja. Binti akachukua daftari. Akaandika makampuni ya uhandisi wa maji yaliyokuja chuoni kwenye maonesho ya ajira, akaongeza yaliyotajwa na walimu wake kwenye miradi, na makampuni ya maji ya mikoa mbalimbali ya huko. Yakafika arobaini.

Kwa kila jina alitazama mambo mawili. Kwanza, kama jina lipo kweli. Hapa pana mtego mdogo: kampuni huandikwa kwa jina lake la kisheria, ambalo huenda si lile la kwenye matangazo, kwa hiyo alilazimika kushuka hadi chini kabisa ya tovuti ya kampuni kuliona. Pili, safu ya mwisho ya orodha inayoonyesha aina ya viza. Kampuni inaweza kuwa na leseni ya kuhamisha tu wafanyakazi wake kutoka matawi ya nje, na leseni hiyo haimsaidii mhitimu. Alitaka yaliyoandikwa Skilled Worker. Kati ya arobaini, yakabaki ishirini na mawili.

Leseni peke yake haitoshi, kwa sababu ni ruhusa na si ahadi. Kampuni inaweza kuwa nayo kwa ajili ya wahandisi wazoefu na isiitumie kwa wahitimu kabisa. Kwa hiyo alisoma ukurasa wa ajira wa kila kampuni, na palipokuwa kimya aliandika barua pepe fupi kuuliza: je, nafasi hii ya wahitimu, katika mji huu, inaweza kudhaminiwa? Baadhi hawakujibu. Kumi na moja walisema hapana.

Maneno "katika mji huu" yana uzito wake, na sababu ni mshahara. Tangu Julai 22, 2025, kiwango cha kawaida cha viza hiyo ni pauni 41,700 kwa mwaka. Anayetoka masomoni moja kwa moja huhesabiwa kuwa mwajiriwa mpya na huruhusiwa kuanzia pauni 33,400. Kazi yenyewe pia ina kiwango chake, na kinachotakiwa ni kile kikubwa kati ya viwili. Kampuni moja inaweza kumlipa mhitimu pauni 35,000 akiwa London na 31,000 akiwa mji wa kaskazini kwa kazi ileile. Wa London anadhaminika, wa kaskazini hapana, hata kama bosi anamtaka. Mwaka 2024, viwango vilipopandishwa, wahitimu wa kigeni waliokuwa na ofa mkononi walizipoteza kwa sababu hiyo tu.

Daftarini zikabaki kampuni sita. Binti alituma maombi kwa zote kati ya Oktoba na katikati ya Novemba, huku akifanya kazi za darasa.

Nyumbani nako mambo hayakulala. Baba mdogo alikuja na habari ya wakala aliyekuwa anauza "udhamini wa Uingereza" kwa shilingi milioni kumi na mbili, kazi ya ghalani, barua tayari. Shauri lilikuwa kuuza kiwanja cha Mjimwema ili binti asirudi bila kazi. Mama alikuwa ameshaanza kumtafuta mnunuzi. Bahati nzuri aliipiga picha ile barua akamtumia binti.

Jina la kampuni lilikuwemo kwenye orodha ya serikali. Mama alipoambiwa hivyo alifurahi, lakini binti akamwomba asubiri. Jina la kampuni halali linaweza kuandikwa na yeyote kwenye karatasi. Alitazama mengine. Anwani ya barua pepe ilikuwa ya bure, ile ambayo hata mtoto wa sekondari anaweza kuifungua. Kazi yenyewe ilikuwa ya kubeba na kupanga mizigo, na tangu Julai 2025 viza hiyo hutolewa kwa kazi za ngazi ya shahada, na chache tu za chini yake zilizotajwa kwenye orodha maalumu. Hata kazi ya kuhudumia wazee, iliyowapeleka wengi siku za nyuma, ilifungwa tarehe hiyohiyo kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Na lililomaliza ubishi: mwajiri haruhusiwi kumdai mfanyakazi gharama ya cheti cha udhamini. Anayekiuza anavunja masharti ya leseni, au hana leseni kabisa.

Binti alipiga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si ile ya kwenye barua. Hawakuwa wanamjua huyo wakala. Kiwanja cha Mjimwema hakikuuzwa, ingawa baba mdogo alinuna hadi Krismasi.

Februari 2026 ofa ilikuja kutoka kampuni moja kati ya sita, pauni 34,000. Lakini haikuwa na udhamini wa mara moja. Kampuni ilimtaka aanze kwa viza ya wahitimu, ile ambayo mwanafunzi anajiombea mwenyewe akishamaliza, isiyohitaji mdhamini. Makampuni mengi hupenda njia hii kwa kuwa haiwagharimu. Mama alishangilia. Binti aliuliza swali moja zaidi kwa maandishi: viza hiyo ikiisha, mtanidhamini, na kwa mshahara gani?

Aliuliza kwa sababu ya saa inayotembea kimya. Punguzo la mwajiriwa mpya lina kikomo cha miaka minne, na miaka ya viza ya wahitimu inahesabiwa ndani yake. Akikaa miwili kwa viza hiyo, mwajiri atakuwa amebakiwa na miaka miwili tu ya kumlipa kwa kiwango cha chini. Baada ya hapo mshahara lazima ufike kile kiwango kamili. Kampuni isiyopandisha mishahara haraka itamwachia hapo, hata kama ni mchapakazi. Kampuni ilijibu kwamba itamdhamini baada ya mwaka wa kwanza akifanya vizuri, na ikataja mshahara unaotarajiwa. Barua hiyo ameitunza.

Viza ya wahitimu nayo imefupishwa. Anayeiomba hadi Desemba 31, 2026 anapata miaka miwili, na anayeiomba kuanzia Januari 1, 2027 anapata miezi kumi na minane, isipokuwa mwenye shahada ya uzamivu anayebaki na mitatu. Inaombwa akiwa ndani ya Uingereza, kabla viza ya masomo haijaisha, na baada ya chuo kuithibitishia serikali kwamba amefaulu. Binti atamaliza Septemba 2026, kwa hiyo yumo kwenye miwili iwapo matokeo hayatachelewa. Anayeondoka Septemba 2026 hayumo.

Huyo wa Septemba 2026 yupo, ni kijana wa jirani hapo hapo Bombambili, anakwenda kusoma uhasibu. Wazazi wake walikuja kwa mama kuuliza kuhusu makoti ya baridi na unga wa ugali. Mama akawajibu hayo kwa dakika mbili, kisha akampa kijana daftari jipya na kumwambia aandike makampuni ya uhasibu arobaini kufikia Julai, ayatafute kwenye orodha, na maombi yakifunguliwa Agosti ayajaze akiwa bado hapa Songea, kwa bando lake mwenyewe. Fomu nyingi zitamwuliza kama anahitaji kudhaminiwa sasa au baadaye. Binti alishamtumia jibu: aseme ndiyo, maana anayesema hapana leo ili apite, ofa yake hufutwa ukweli ukijulikana.