Kumwona Mtoto, Julai 1991

Julai ni mwezi wa baridi kwetu Mathira. Ukungu hushuka kutoka Kirinyaga, manyunyu hayakatiki, na jua huenda lisionekane hadi alasiri. Mwezi kama huo, mwaka wa 1991, jirani yetu mwalimu alijifungua mtoto wake wa kwanza, msichana. Nilikuwa na miaka kumi. Mwalimu alikuwa Mtaita wa Wundanyi aliyeolewa kijijini kwetu, karibu na Karatina, na kwa kuwa Kikuyu kilikuwa bado kinampa taabu, mama alizungumza naye Kiswahili.

Mama hakukimbilia kwenda. Alingoja wiki nzima, akisema aliyejifungua anahitaji usingizi kabla ya wageni. Siku ilipofika alikuwa ameloweka njahi usiku kucha, zile nyeusi zenye ukanda mweupe, akazichemsha kwa saa kadhaa hadi zikabonyea kati ya vidole, kisha akaziponda pamoja na ndizi. Wanawake wetu wanaamini njahi huongeza maziwa. Majirani wengine walibeba kuni na uji wa kuchachuka kwenye chupa. Zawadi hizo za wanawake kwa pamoja tunaziita itega, nazo zina maana moja: mzazi asiende kisimani wala msituni.

Tulipopiga hodi, mama mkwe wa mwalimu ndiye aliyefungua. Mama alimpa mkono kwanza, akamwambia, "Hongera, cucu, umezaliwa tena." Haikuwa kumsahau mzazi. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo bibi huyo alikuwa amepata mwenzake wa jina. Akatusimulia kwa fahari alivyopiga vigelegele vitatu. Angekuwa mvulana vingekuwa vitano, kama Jomo Kenyatta alivyoieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha 1938.

Mimi nilikuwa na mafua. Mama akanishika bega kizingitini. "Wewe utamwonea hapo hapo mlangoni, mwanangu." Niliumia, lakini kutoka pale niliona kila kitu.

Alinawa mikono kwa sabuni na maji ya moto, akaikausha, akaenda kwa mwalimu kitandani bila kumgusa mtoto. "Hongera, mwalimu. Na pole kwa uchungu."

"Asante, mama. Nimeshapoa."

"Unapata usingizi? Na mama yako kule Wundanyi, habari zimemfikia?"

Mwalimu hakujibu mara moja. Alijifuta macho kwa ncha ya leso, akasema mume wake ameandika barua. Nadhani wageni wote waliotangulia walikuwa wamemuuliza mtoto amefanana na nani. Mama alikaa kando yake, akamshika mkono, akanyamaza naye.

Kisha mwalimu akataja kwamba kichwa kinamgonga tangu asubuhi na moyo unamchafuka, labda kwa kukesha. Mama akatazama pembeni. Jiko la makaa lilikuwa linawaka miguuni pa kitanda, na nyufa za dirisha zilikuwa zimezibwa kwa vitambaa ili baridi isiingie. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala moshi. Mtu mzima huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, husinzia. Mtoto wa wiki moja hawezi kusema lolote. Aliyeziba dirisha ni bibi, naye alifanya hivyo kwa upendo, na kumkaripia mbele ya mkaza mwanawe siku kama ile kungeivunja furaha yote.

"Cucu," mama akasema, "nisaidie tulitoe jiko uani, nipashe njahi zangu." Wakalibeba pamoja. Aliporudi alivuta vitambaa dirishani, akawaachia mlango wazi, akamfunika mtoto blanketi la pili hadi kifuani. Ndipo akamweleza bibi kwa sauti ya chini, wawili tu, kwamba makaa yanayowaka hayalali na watu ndani. Mwalimu alipomaliza sahani yake alisema kichwa kimepoa.

Mtoto aliamka. Mama hakuomba kumbeba. Aliinama akamwita kwa jina la bibi yake, akamwambia karibu nyumbani. Wengi humshikisha mtoto sarafu kiganjani, lakini kiganja hicho huishia mdomoni, kwa hiyo yeye aliweka noti ya shilingi 20 chini ya mto. Chai ilipotajwa alishukuru, akasema ataifuata mwezi ujao. Tulikuwa hatujamaliza nusu saa.

Msichana wa pili alizaliwa mwaka wa 1994, akapewa jina la bibi wa Wundanyi. Safari hiyo sikuwa na mafua, nikanawa mikono nikaingia ndani.