Nilikubali Nisilolisoma

Januari 2021 nilikuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la wauza samaki hapa Kipini, na mimi ndiye niliyelivunja. Tangazo la masharti mapya lilitujia na tarehe ya mwisho, 8 Februari. Sikulisoma. Nilisikiliza sauti iliyokuwa ikisambazwa, eti Facebook sasa watasoma kila tunachoandikiana, nikawahimiza wenzangu tuhamie Telegram. Vijana walihama, kina mama wakabaki.

"Mwanangu, hilo kundi jipya mimi silioni," aliniambia bibi mmoja, ndoo ya kamba miguuni, na mnunuzi wa Garsen keshaondoka.

Kumbe ujumbe wa mtu na mtu, na wa makundi, ulibaki umefungwa vilevile. Jipya hasa lilihusu kuandikiana na biashara: iliyochagua kuhifadhi mazungumzo ya wateja kwenye mitambo ya Facebook ingeweza kuyatumia kwa matangazo yake. Ama namba zetu za simu kufika Facebook, hilo lilianza 2016, tena tulipewa siku 30 za kukataa zisitumiwe kwa matangazo. Hapo ndipo palipostahili kelele, nami nilipita nikibonyeza tu. Na aibu zaidi: makundi ya Telegram hayana ule ufungaji wa WhatsApp. Niliwatoa watu penye kufuli nikawapeleka pasipo nalo.

Kosa la pili lilikuja kimyakimya. Programu ya mikopo niliyokuwa nikiitumia ilileta tangazo lake: "Tumeboresha sera yetu ya faragha." Hakuna aliyelisambazia sauti. Nilibonyeza Nakubali, kisha simu ikauliza kama programu iruhusiwe kusoma namba nilizohifadhi. Nikaruhusu. Bahari ilipochafuka nikachelewa kulipa, wakampigia mama mkwe wangu. Wakampigia na yule mnunuzi wa Garsen.

Siku hizi tangazo likija natafuta mambo machache tu: wanachukua nini ambacho jana hawakuchukua, nani mpya anapewa, kwa kazi gani, na nikikataa napoteza nini. Maneno kama "kuboresha huduma" nayaruka. Namba za watu, mahali nilipo, picha na ujumbe mfupi ndivyo vinavyonisimamisha, kwa sababu mkopo hauhitaji namba ya mama mkwe.

Ile ruhusa niliiondoa: Mipangilio, Programu, jina la programu, Ruhusa, kisha namba za simu. Lakini hiyo huzuia usomaji wa kesho tu. Nakala iliyokwishachukuliwa inabaki kwao. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaniruhusu kudai data iliyochukuliwa kupita kiasi ifutwe, na wakikaidi, kumlalamikia Kamishna wa Data. Barua ya madai nimeiandika. Kwa mama mkwe nilikwenda mwenyewe.