Lugha ya Vitufe

Ukifungua DiDi jijini Guangzhou na kuchagua Kiingereza, jua umebadilisha vitufe tu. Dereva anayekuja kukuchukua bado anasoma Kichina kwenye simu yake, na mji wenyewe bado umeandikwa kwa Kichina. Kiswahili sikukiona kwenye orodha ya lugha, kwa hivyo kila ujumbe wetu ulipita kwa Kiingereza kwanza, kisha mashine ikautafsiri.

Shangazi yangu hununua nguo huko, na safari hiyo nilimsindikiza. Saa kumi jioni tulikuwa nje ya Baima, lile soko la jumla karibu na stesheni ya reli, tukiwa na mifuko minne ya sampuli. Mtu wa mizigo alikuwa anafunga saa kumi na mbili. Tukichelewa, mzigo ungengoja wiki nzima, na wateja wa shangazi Nairobi walikuwa wameshalipa nusu.

Kuweka mahali tunapoenda hakukuwa na shida, kwa sababu mtu wa mizigo alikuwa ametutumia anwani kwa herufi za Kichina. Niliinakili na kuibandika kama ilivyo. Jina la mahali likiandikwa kwa Kiingereza, kila mtu ana tahajia yake, na apu inaweza kukupeleka kwa jengo lingine. Ramani za Google usizitegemee pia, maana Google imefungiwa China. Omba hoteli yako kadi yenye anwani ya Kichina, uipige picha, mambo yaishe.

Shida ilikuwa pale tulipokuwa tumesimama. Dereva alipiga simu, akasema maneno ambayo hakuna kati yetu aliyeyaelewa, akakata. Halafu akaandika, na tafsiri ikatokea chini ya Kichina chake: amefika, tuko wapi? Shangazi akachukua simu akajibu kwa Kiingereza kwamba tuko nyuma kabisa ya benki. Hapo ndipo mambo yalipokorogeka. Kwa Kiingereza, neno alilotumia kumaanisha "kabisa" ndilo hilo hilo la "kulia". Kwenye ramani, kagari ketu kakaanza kuzunguka kuelekea kulia kwa benki, mbali na sisi.

Basi tukaanza upya, na hii ndiyo njia ninayoitumia hadi leo. Ujumbe mmoja, jambo moja. Tulitafuta kitu ambacho dereva angeweza kukiona akiwa barabarani: mlango wenye namba. Nikaandika, "Tuko mlango namba 3." Nikatuma. Kisha, "Tuna mifuko minne mikubwa." Nikatuma. Sentensi fupi haina pa kupotea ikitafsiriwa, na namba hubaki namba. Nikamtumia pia picha ya ule mlango. Dakika nne baadaye alikuwa mbele yetu.

Kumtambua ni kwa namba ya gari. Magari ya hapo karibu yote huanza na 粤A: herufi ya kwanza ni ya mkoa wa Guangdong, na A ni ya Guangzhou. Hiyo haikusaidii kuchagua gari. Shika zile tarakimu za mwisho. Rangi nayo inasaidia, kwa kuwa magari ya umeme huwa na kibao cha kijani. Mkishaingia, dereva atakuuliza kitu kama "wei hao". Anataka tarakimu nne za mwisho za simu iliyosajiliwa kwenye apu, ajue amebeba abiria wake. Shangazi alimwonyesha kwenye skrini, akaitikia kwa kichwa, tukaondoka.

Malipo hayakuhitaji neno lolote, lakini ni kwa sababu tuliyamaliza tukiwa nyumbani. DiDi tuliitumia ndani ya Alipay, na Alipay hukubali kadi ya Viza ya kutoka nje. Unapounganisha kadi, benki inaweza kukutumia kodi kwa meseji kwenye laini yako ya Kenya. Ukiwa umeshafika China na laini hiyo haishiki, kodi itakwama hewani na wewe utakwama kando ya barabara. Unganisha kadi kabla ya kupanda ndege, na uiulize benki kama inaruhusu malipo ya nje. Malipo yasiyozidi yuan 200, Alipay haikati ada kwa kadi ya nje. Yakizidi hapo, inakata asilimia 3. Safari ya teksi mjini ni nadra kufika huko.

Yetu ilikuwa yuan 38, kama shilingi mia saba. Tulishuka saa kumi na moja na nusu. Mifuko ikapimwa, na shangazi akapewa risiti yake, yote Kichina.