Barua ya Nusu Ukurasa

Barua yenyewe ilikuwa nusu ukurasa tu, lakini ilituchukua wiki tatu kuiandika.

Sisi ni mume na mke. Mume anaendesha mashine kiwandani, hapa Dar es Salaam, kwa zamu tatu zinazozunguka: asubuhi, mchana na usiku. Miaka minne iliyopita daktari alimwambia kuwa ana baipola, ugonjwa unaoupandisha moyo wa mtu kupita kiasi, kisha ukaushusha mpaka asitamani kuamka. Sehemu kubwa ya mwaka yu mzima, anameza dawa na kwenda kazini. Kinachomwangusha ni kukosa usingizi. Kila alipoingia zamu ya usiku, kufikia siku ya nne alikuwa akilala saa mbili au tatu tu mchana, anaongea kwa kasi na kupanga biashara tano kwa mkupuo. Safari moja alimkopesha nusu ya mshahara mtu aliyekutana naye kwenye daladala.

Kiwandani tulikuwa tukisema ni malaria. Tuliisema mara nyingi mno, hata ikawa inatuchoma tukiinamisha vichwa kanisani. Basi tukaamua kusema kweli, na hapo tukafanya kosa la pili: rasimu yetu ya kwanza ilikuwa ungamo. Kurasa mbili za kulazwa, madeni, machozi ya watoto na msamaha tunaouomba. Tulipoisoma kwa sauti mezani, tuliona kuwa meneja angeimaliza akiwa ametuhurumia, lakini asijue afanye nini kesho yake. Kutodanganya ni jambo moja, na kumfungulia mwajiri kabati lote la nyumba ni jambo jingine. Ilituchukua siku kadhaa kukubaliana hapo, kwa kuwa mke alitaka kila kitu kisemwe na mume hakutaka hata jina la ugonjwa litajwe.

Daktari ndiye aliyetutoa njia panda. Aliandika cheti kwamba mfanyakazi huyu, kwa sababu za kiafya, hafai kufanya kazi za usiku. Ugonjwa hakuutaja. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpangia kazi ya usiku mtu mwenye cheti cha namna hiyo, na usiku wa sheria ni kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili alfajiri. Kwa hiyo hatukuwa tukiomba fadhila. Hata hivyo tuliandika kwa upole, maana sheria haikai zamu moja na msimamizi wako.

Barua ikawa hivi: “YAH: OMBI LA KUTOPANGWA ZAMU ZA USIKU. Ninatibiwa ugonjwa wa muda mrefu wa afya ya akili, na kwa sasa hali yangu imetulia. Kukosa usingizi wa usiku ndiko kunakoirudisha. Naomba nipangwe asubuhi au mchana tu, kama cheti kilichoambatishwa kinavyoeleza. Naomba pia nusu siku moja kila mwezi ya kwenda kliniki, nami nitaleta tarehe wiki mbili kabla. Naomba barua hii ikae kwenye faili la siri, na msimamizi wangu aelezwe tu kwamba sipangwi usiku kwa sababu za kiafya.”

“Afya ya akili” ndiyo maneno tuliyokubaliana, mume na mke. Ni kweli, na yanatosha. Tuliweka pia “hali yangu imetulia” kwa makusudi, na tulichagua kuipeleka wiki ambayo kweli imetulia. Ombi kama hili likipelekwa wakati moyo umepanda, mtu huomba vyeo.

Meneja aliisoma mara mbili. Aliuliza swali moja: “Mashine ni salama mikononi mwako?” Mume alikuwa amejiandaa. Akajibu kuwa mchana ndiyo, na kwamba akilala chini ya saa nne kwa usiku mbili mfululizo atapiga simu mwenyewe na hataigusa mashine siku hiyo.

Zamu za usiku ziliondolewa mwezi uliofuata. Nusu siku ya kliniki bado inakatwa kwenye likizo ya mwaka, na hilo hatujalimaliza. Ile asilimia 5 ya nyongeza ya kazi ya usiku nayo imeondoka, na tunaiona pengo lake kila mwisho wa mwezi tukilipa ada. Siri nayo haikukaa sawasawa: wenzake waliuliza kwa nini yeye hakeshi, na mmoja akamwita bwana mkubwa. Mume huwajibu kwamba ni agizo la daktari, kisha anaendelea na kazi.

Cheti kinaisha mwezi wa sita. Tarehe ya kumwona daktari tumeshaiandika kwenye kalenda ya jikoni.